Doge, Doje au Sultani? Njia tatu za kutafsiri historia ya Venisi kutoka Kiitaliano

Soma kwanza aya hii ya Kiitaliano kuhusu Venisi, mji wa Italia uliokuwa jamhuri chini ya mkuu aliyeitwa Doge. Nimeiandika mwenyewe kwa mtindo wa ensaiklopedia za Italia, ili vikwazo vinavyomsubiri mfasiri vikae mahali pamoja:

"Nel secondo Duecento il governo del Comune veneziano era ormai concentrato in un numero ristretto di famiglie. Con la Serrata del Maggior Consiglio, deliberata il 28 febbraio 1297 (1296 m.v.) sotto il dogado di Pietro Gradenigo, l'accesso all'assemblea fu riservato a quanti ne avevano fatto parte nei quattro anni precedenti, previa approvazione della Quarantia con almeno dodici voti. Dopo la congiura di Baiamonte Tiepolo (15 giugno 1310) fu istituito il Consiglio dei Dieci, che diverrà permanente nel 1335. Nel Quattrocento la Serenissima si estese nella Terraferma."

Sentensi nne tu, na sarufi yake si ngumu. Mtu aliyesoma Kiitaliano mwaka mmoja ataelewa karibu yote. Ugumu unaanza anapotaka kuyasema kwa Kiswahili, kwa sababu karibu kila jina hapa lina njia tatu za kupita, na kila njia inampeleka msomaji mahali tofauti.

Njia ya kwanza ni kuyaacha majina ya Kiitaliano yalivyo. Sentensi ya pili inakuwa hivi: "Kwa Serrata del Maggior Consiglio, iliyopitishwa tarehe 28 Februari 1297 (1296 m.v.) katika dogado ya Pietro Gradenigo, nafasi za mkutano huo ziliwekewa watu waliokuwemo katika miaka minne iliyotangulia, baada ya kuidhinishwa na Quarantia kwa kura zisizopungua 12."

Njia ya pili ni neno kwa neno: "Kwa Ufungaji wa Baraza Kubwa Zaidi, uliopitishwa tarehe 28 Februari 1297 chini ya udoje wa Pietro Gradenigo, nafasi za baraza ziliwekewa waliokuwemo miaka minne iliyotangulia, baada ya kuidhinishwa na Baraza la Arobaini." Chombo cha 1310, Consiglio dei Dieci, kinaitwa "Baraza la Kumi".

Njia ya tatu inaihamishia Venisi pwani yetu: "Mwaka 1297 Sultani Pietro Gradenigo na waungwana wa mji waliwafungia watu wa kawaida mlango wa baraza, wakabaki wale tu waliokubaliwa na makadhi 40."

Ya tatu inasomeka kwa raha kuliko zote, na ndiyo yenye makosa makubwa kuliko zote. Ya kwanza haina kosa, ila haijatafsiri kitu. Ya pili inaonekana kuwa salama, nami kwa muda mrefu niliiamini, mpaka nilipomsomea mwalimu wa historia rasimu yangu kwa sauti naye akaniuliza mabaraza tisa ya kwanza yalikuwa yapi. Nilikuwa nimeandika "Baraza la Kumi". Kwa sikio la Mswahili hilo ni baraza la namba kumi, lililotanguliwa na la tisa. Kiitaliano kinasema baraza la watu kumi. Tangu hapo sichagui njia moja kwa makala nzima. Napima kila jina peke yake, na ninavyopima ndiyo habari ya makala haya.

Nianze na tarehe, kwa kuwa hapo kosa halina mjadala: mwaka ni sahihi au si sahihi.

Waitaliano wanapotaja karne kuanzia ya 13 hadi ya 20 hupenda kuziita kwa mamia. Duecento, yaani "mia mbili", ni miaka ya kuanzia 1200 hadi 1299, kwa hiyo ni karne ya 13. Trecento ni karne ya 14, Quattrocento ya 15, Cinquecento ya 16. Mara nyingi huandikwa kwa tarakimu na alama ya kukata, '400. Mfasiri aliyechoka huona "quattro", nne, mkono wake ukaandika "karne ya 14", na papo hapo Venisi inaiteka Padova miaka mia moja kabla ya wakati wake. Kosa hili ni gumu kuligundua kwa macho kwa kuwa sentensi yenyewe haina kasoro. Linajitokeza tu pale mwaka kamili unapokaa karibu. Ukiona "karne ya 14" na sentensi inayofuata inataja mwaka 1405, rudi kwenye Kiitaliano ukaangalie.

Hapa kuna chaguo mbili za Kiswahili: "karne ya 15" au "miaka ya 1400". Ya pili iko karibu zaidi na Kiitaliano na inazuia kosa la hesabu nililolitaja. Lakini kwetu "miaka ya 1960" ni miaka kumi, kuanzia 1960 hadi 1969. Msomaji akiona "miaka ya 1400" ana haki ya kuelewa 1400 hadi 1409. Kwa hiyo nachagua "karne ya 15" kila mara, hata kama nalazimika kuhesabu upya. "Secondo Duecento" inakuwa "nusu ya pili ya karne ya 13". Na "anni Trenta del Cinquecento", inayowatisha wengi, ni "miaka ya 1530" tu.

Kigumu zaidi ni zile herufi mbili kwenye mabano: m.v. Ni kifupi cha "more veneto", maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa desturi ya Venisi". Katika Jamhuri ya Venisi mwaka rasmi ulianza tarehe 1 Machi. Januari na Februari zilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka, si ya kwanza. Karani aliyeandika sheria ile mwishoni mwa Februari aliiandika chini ya mwaka 1296, kwa kuwa kwake mwaka 1297 ungeanza kesho yake. Sisi tunaohesabu kuanzia Januari tunasema ni 1297. Siku ni ileile moja.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu kama yale anayopewa msomaji wa Ulaya. Watu wa pwani wameishi na kalenda zaidi ya moja tangu zamani: wa Hijria una miezi yake, na kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa Julai. Ukimwambia msomaji kwamba mwaka wa Venisi ulianza Machi, atakuelewa mara moja. Anachohitaji ni kuambiwa.

Chaguo zilizopo ni tatu. Unaweza kunakili mabano yalivyo, "1297 (1296 m.v.)", na msomaji hatajua m.v. ni nini. Unaweza kuyafuta mabano na kubaki na 1297. Makala itakuwa sahihi, lakini mwanafunzi atakayekutana na mwaka 1296 katika kitabu kingine ataona mmoja wenu amekosea. Au unaweza kuandika mara moja, pale tarehe ya namna hii inapotokea kwa mara ya kwanza, kwamba hati za Venisi zinasema 1296 kwa sababu mwaka wao ulianza Machi, kisha ukaendelea na tarehe za sasa hadi mwisho. Nachagua hii ya tatu bila kusita. Inagharimu maneno kumi tu.

Hatari iko kinyume pia. Waandishi wa ensaiklopedia za Italia kwa kawaida wameshazibadilisha tarehe, na alama ya m.v. inaonyesha tu hati inasemaje. Mfasiri aliyesoma kuhusu desturi ya Venisi na kuipenda anaweza kuongeza mwaka mara ya pili, akapata 1298. Kanuni ni hii: ongeza mwaka mmoja pale tu tarehe ya Januari au Februari inapotoka moja kwa moja kwenye hati, au imewekewa m.v. peke yake bila mwaka mwingine kando yake. Kuna na namna ya kujihakiki. Panga matukio yote ya makala kwa mfuatano wa tarehe. Ukiona tukio la Februari 1296 linasimuliwa kama matokeo ya jambo lililotokea Juni 1296, hujakosea kusoma. Katika mwaka wa Venisi, Juni 1296 inatangulia Februari 1296.

Na usiipeleke kanuni ya Venisi kwenye miji mingine. Firenze mwaka ulianza tarehe 25 Machi, siku ya Malaika Gabrieli kumpasha Bikira Maria habari, kwa hiyo kuongeza mwaka kunahusu tarehe za 1 Januari hadi 24 Machi. Pisa nao walianza 25 Machi, ila waliitangulia Firenze kwa mwaka mzima, na huko inabidi kupunguza mwaka badala ya kuongeza, kwa tarehe za kuanzia 25 Machi hadi mwisho wa Desemba.

Kuna pia saa, ingawa aya yetu haina. Makala nyingi za Kiitaliano hunukuu barua au kumbukumbu za zamani zinazosema jambo lilitokea "alle tre di notte". Anayejua Kiitaliano cha leo ataandika saa tisa usiku, kwa kuwa leo maneno hayo yana maana hiyo. Lakini kwa karne nyingi Waitaliano walihesabu saa kuanzia jua linapotua, kutoka 1 hadi 24. Saa tatu za usiku zilikuwa saa tatu baada ya magharibi. Yaani saa tatu usiku, kama tunavyosema sisi! Mfasiri wa Kiingereza au Kijerumani hapa lazima apige hesabu, ilhali wa Kiswahili anaandika neno kwa neno na anakuwa amepatia, au karibu sana, kwa sababu kule jua hutua mapema wakati wa baridi na kuchelewa wakati wa joto. "Alle ventidue", saa 22 za zamani, ni saa mbili kabla ya jua kutua, takriban saa kumi jioni. Ni sehemu chache ambapo lugha yetu iko karibu na hati ya zamani kuliko Kiitaliano cha leo kilivyo, na inaniuma kuona mfasiri ameipoteza kwa kupitia Kiingereza.

Sasa majina ya vyombo vya dola. Swali ninalojiuliza ni moja: neno la Kiswahili litamfanya msomaji aone kitu gani kichwani?

Maggior Consiglio naliita Baraza Kuu. "Kubwa Zaidi" ni tafsiri ya kamusi, lakini "Baraza Kuu" tayari lina sura katika akili ya msomaji kwa sababu ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa: mkutano wa wanachama wote, ambamo vyombo vidogo huchaguliwa. Ndivyo lilivyokuwa lile la Venisi. Hapa tafsiri inashinda jina la asili, nami naweka Kiitaliano kwenye mabano mara moja tu ili anayetaka kutafuta zaidi apate pa kuanzia.

Serrata ni habari nyingine. Kwa maana ya kamusi ni kufunga. Lakini ukiandika "Kufungwa kwa Baraza Kuu", msomaji wa Dodoma au Nairobi ataelewa kwamba kikao kimeahirishwa au baraza limevunjwa, maana hivyo ndivyo tunavyosikia kwenye taarifa za habari bunge linapofungwa. Kilichotokea ni kinyume kabisa. Baraza liliendelea kukutana na kwa miaka iliyofuata liliongezeka hadi kupita watu elfu moja. Kilichofungwa ni mlango, wasiingie watu wa koo mpya. Kwa hiyo naacha Serrata kama jina na kuifafanua palepale: "Serrata, yaani kufungwa kwa mlango wa baraza". Tafsiri peke yake inapotosha, jina peke yake halisemi kitu, na yakikaa pamoja yanatosha.

Consiglio dei Dieci nimeshalieleza: Baraza la Watu Kumi. Lina kero ya pili, kwa kuwa vikaoni waliketi pia Doge na washauri wake sita, kwa hiyo waliokuwemo chumbani walikuwa 17. Sibadilishi jina kwa ajili hiyo. Nalitaja tu, ikiwa makala inaeleza kazi za baraza lile.

Quarantia ni chombo cha watu arobaini, na katika karne zilizofuata kilijulikana zaidi kama mahakama. Ukiandika "Baraza la Arobaini", neno linalosikika kwanza ni arobaini ya msiba, siku ya kumkumbuka marehemu. Msomaji atajikwaa hapo hata kama ni kwa nukta moja ya sekunde. "Baraza la Watu Arobaini" linaondoa kikwazo hicho kwa neno moja.

Utaona kwamba tayari kuna mabaraza matatu, na makala kamili ya Venisi ina zaidi: Minor Consiglio, Senato, Collegio. Ukiyaita yote baraza, msomaji atapotea kufikia ukurasa wa pili. Nayagawa. Consiglio linabaki baraza, Senato ni Seneti kwa kuwa neno hilo tunalo, na Collegio naliita halmashauri, kwa kuwa lilikuwa chombo cha kuandaa na kutekeleza mambo ya Seneti. Ukishagawa hivyo, andika orodha yako kando na uifuate hadi sentensi ya mwisho. Kosa baya kuliko kuchagua neno lisilopendeza ni chombo kimoja kuwa na majina mawili.

Tukija kwa Doge, kishawishi cha "Sultani" naelewa kinatoka wapi. Mji wa baharini, biashara, majumba ya mawe, mtawala mmoja mwenye kofia ya heshima: nani asingeikumbuka Zanzibar au Kilwa? Lakini Doge hakurithi kiti. Alichaguliwa, akakikalia hadi kufa, na siku ya kuapishwa alifungwa na kiapo kirefu kilichoorodhesha mambo asiyoruhusiwa kuyafanya. Hata barua kutoka nchi za nje hakuruhusiwa kuifungua peke yake bila washauri. Ukimwita sultani au mfalme, umelifuta jambo lenyewe ambalo makala inataka kulieleza. "Rais" nalo linapotosha kwa upande mwingine. Basi zinabaki "Doge" na "Doje". Msomaji wa Kiswahili akiona "Doge" ataitamka g kama ya "goma", na hilo si jina la mtu yeyote. Nachagua Doje, na Doge kwenye mabano mara ya kwanza. Dogado inakuwa "wakati mtu fulani akiwa Doje", maana "udoje" halimsaidii mtu.

Kwa jina la mji pia nilisita kati ya Venezia na Venisi. Venezia ndivyo wenyewe wanavyosema. Lakini Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita "Mabepari wa Venisi", na kwa njia hiyo jina likaingia katika masikio ya wanafunzi wengi. Sioni sababu ya kulitoa. Kichwa hicho kina somo la pili kwa mfasiri wa historia. Kwa asili yake bepari ni mfanyabiashara, neno lililokuja kutoka Kigujarati, lakini kufikia 1969 lilikuwa limeshabeba uzito wa siasa ya Ujamaa, na yeyote aliyeona kichwa kile alisikia hukumu ndani yake. Katika tamthilia mfasiri ana uhuru huo. Katika ensaiklopedia hana. Wafanyabiashara wa Venisi ninawaandika wafanyabiashara.

Majina ya watu nayaacha, isipokuwa yale yenye mapokeo ya Kiswahili kama ya mapapa na watakatifu. Kuna jambo dogo kuhusu yule mkula njama wa 1310: Waitaliano huandika jina lake Baiamonte au Bajamonte, na j yao hapo ni y. Kwetu j ni ya "jana". Nachagua Baiamonte, msomaji alitamke karibu na inavyotakiwa.

Maneno yanayonisumbua kuliko vyombo ni ya watu wa tabaka. Makala za Kiitaliano huwaita waliobaki ndani ya baraza "patrizi" au "nobili". Nimejaribu maneno matatu. "Makabaila" lipo kwenye kamusi, lakini tangu miaka ya Ujamaa ukabaila ni mfumo wa mabwana wa ardhi na watu wanaowalimia. Watu wa Venisi walikuwa na meli na mikataba ya biashara. Mashamba makubwa ya bara walikuja kuyapata baadaye. "Waungwana" linavutia mno. Katika miji kama Lamu na Mombasa waungwana walikuwa hasa watu wa koo za mji, wenye nyumba za mawe, wanaojua babu zao. Lakini leo mwungwana ni mtu mwenye adabu, na kwa msomaji wa mashariki ya Kongo neno hilo linakumbusha watu wa misafara ya karne ya 19, na lugha ya Kingwana. Neno moja, wasomaji watatu, maana tatu. Nimeishia kwenye "koo tawala". Si neno zuri la kupamba sentensi, ila linasema ukweli: kuingia Baraza Kuu kulikuja kuwa jambo la kuzaliwa, na kuanzia 1506 watoto wa koo hizo waliandikishwa katika kitabu kilichoitwa baadaye Kitabu cha Dhahabu.

Neno "cittadini" ndilo mtego wenyewe. Kamusi inasema raia. Lakini cittadini wa Venisi walikuwa tabaka dogo la kati lenye haki zake kisheria, chini ya koo tawala na juu ya watu wa kawaida, na kutoka kwao walipatikana makarani wa serikali. Ukiandika "raia wa Venisi waliajiriwa kama makarani", umesema kitu kingine kabisa. Hapa naacha Kiitaliano kwa moyo wote: "tabaka la cittadini". Nayo ndiyo kanuni niliyojiwekea: neno la Kiswahili likikubalika haraka kupita kiasi na maana yake ni pana kuliko ya Kiitaliano, bora msomaji asimame kidogo mbele ya neno geni.

Comune nalo lina sura mbili. Katika habari za leo "Comune di Venezia" ni manispaa, na uiandike manispaa. Katika karne ya 13 ni dola linalojitawala, lenye majeshi na makoloni, kwa hiyo ni dola-mji. Signoria ni vivyo hivyo: kwa Milano ni utawala wa bwana mmoja na ukoo wake, kwa Venisi ni Doje pamoja na washauri wake sita na wakuu watatu wa Baraza la Watu Arobaini. Angalia mji kwanza, kisha karne, ndipo ufungue kamusi.

Baadhi ya maneno, baada ya mizigo yote hiyo, yanakuja yenyewe. Terraferma, "nchi imara", ni ardhi ya Italia inayoonekana ukiwa visiwani Venisi. Wafaransa na Waingereza huhangaika nayo. Sisi tuna "bara", na msomaji aliyekua kati ya Bara na Visiwani anaelewa hata hisia iliyomo. Naandika "bara". Na bailo, mwakilishi wa Venisi kwa Waosmani huko Istanbul, aliyewekwa kwa mkataba wa 1454 na Sultani Mehmed wa Pili: Waturuki walimwita balyoz, na kutoka huko ndiko tulikopata balozi. Ukimwita bailo balozi, unamrudishia jina lake. Ongeza tu kwamba alikuwa pia mkuu wa Wavenisi wote walioishi mjini mle na mwamuzi wa kesi zao, maana balozi wa leo hahukumu, na balozi wa nyumba kumi ni mtu mwingine.

Imebaki Serenissima. Waandishi wa Kiitaliano hawapendi kurudia jina, basi Venisi inaitwa Serenissima katika sentensi moja, Dominante katika nyingine, San Marco katika ya tatu. Mwanafunzi wetu atadhani ni miji mitatu. Kiswahili hakioni aibu kurudia. Naeleza mara moja kwamba Serenissima ilikuwa sifa ya heshima, kama kusema Jamhuri Tukufu, kisha naandika Venisi kila inapotakiwa. "Diverrà permanente nel 1335", itakuja kuwa ya kudumu, nayo ni wakati ujao wa kusimulia tu. Kwetu ni "lilikuja kuwa la kudumu", kwa sababu 1335 imeshapita kwa msomaji na kwa mwandishi.

Nikiunganisha yote, aya inakuwa hivi:

"Katika nusu ya pili ya karne ya 13, utawala wa dola-mji la Venisi ulikuwa umeshakusanyika mikononi mwa koo chache. Tarehe 28 Februari 1297 (hati za Venisi zinasema 1296, kwa kuwa mwaka wao ulianza Machi), wakati Pietro Gradenigo akiwa Doje (Doge), ilipitishwa sheria inayojulikana kama Serrata, yaani kufungwa kwa mlango wa Baraza Kuu (Maggior Consiglio). Tangu hapo nafasi katika baraza ziliwekewa watu waliowahi kuwemo katika miaka minne iliyotangulia, nao walipaswa kwanza kukubaliwa na Baraza la Watu Arobaini (Quarantia) kwa kura zisizopungua 12. Baada ya njama ya Baiamonte Tiepolo ya tarehe 15 Juni 1310 liliundwa Baraza la Watu Kumi (Consiglio dei Dieci), ambalo lilikuja kuwa la kudumu mwaka 1335. Katika karne ya 15 Venisi ilieneza utawala wake hadi bara."

Sentensi nne za Kiitaliano zimekuwa tano, na mabano yamekuwa matano. Katika aya inayofuata mabano hayatakuwepo tena, maana majina yote yameshatambulishwa. Kama makala ni ya watoto wa shule ya msingi, ningeyaondoa yote isipokuwa la tarehe, na Quarantia ningeiacha kabisa. Hilo la tarehe lisiondolewe kwa msomaji yeyote.